Barua kwa mkutubi wa shule ya mwanangu

Mimi niko Bristol, Uingereza. Mwanangu yuko Mombasa kwa bibi yake, anasoma Gredi ya 5. Mikutano ya wazazi inanipita, kwa hiyo nimemwandikia mkutubi wa shule yao barua hii. Naiweka hapa kwa wazazi wenzangu tulio mbali na watoto wetu.

Mwalimu, assalamu alaikum.

Mwanangu ni yule mvulana ambaye huenda hujawahi kusikia sauti yake. Kipindi cha maktaba huchukua kitabu kilicho karibu na mkono, na ukimuuliza kama amekipenda atakuitikia ndiyo. Naomba usiitegemee ndiyo hiyo. Kitabu kisichomvuta hukirudisha kesho yake na hana neno la kusimulia. Kikimvuta, hukaa nacho, na bibi yake huokota michoro chini ya kitanda.

Anapenda meli. Nikiishia hapo utampa hadithi ya mabaharia, na hizo amezirudisha zote. Jumapili mjomba wake humpeleka Mama Ngina, pale meli zinapopita karibu na ufuo zikielekea Kilindini. Ana daftari. Ndani yake huandika jina la meli, bendera yake, na kama imezama sana au imeelea juu. Aliona meli moja ikiingia imelala ndani ya maji, na ilipotoka tumbo lake jekundu lilikuwa wazi. Hakushangaa, alijua imepakua mizigo. Kilichomshughulisha ni duara lililochorwa ubavuni, lenye mstari uliopita katikati, na kando yake vistari vyenye herufi TF, F, T, S na W. Alinitumia mchoro wake kwa simu ya bibi na kuuliza: kwa nini mistari ni mingi, na meli ni moja?

Nilimweleza nilivyoweza. Mstari ni kikomo cha kupakia. W ni ya bahari za majira ya baridi, zenye dhoruba, kwa hiyo iko chini na meli inabeba kidogo. S ni ya kiangazi. T ni ya bahari za joto kama yetu, iko juu zaidi. F ni ya maji matamu. Hapo alikwama: maji si maji tu? Bibi akampa yai na gilasi. Kwenye maji matamu yai lilizama. Akatia chumvi kijiko baada ya kijiko, akikoroga, mpaka likapanda. Akaandika mwenyewe kwamba meli iliyopakiwa mtoni itainuka ikifika baharini, ndiyo maana inaruhusiwa kuzama zaidi kidogo ikiwa bado mtoni. Mtoto asiyenyoosha mkono darasani alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko wote aliowahi kunitumia.

Nikamwambia pia kwamba Samuel Plimsoll, mbunge aliyepigania alama hiyo kwa sababu meli zilizojazwa kupita kiasi zilikuwa zikizama na watu wake, alizaliwa huku Bristol mwaka 1824, na sheria ya 1876 ikalazimisha meli za Uingereza kuwa nayo. Swali lake la pili: kabla ya hapo nani alikuwa anaamua?

Kwa hiyo ombi langu ni vitabu vinavyojibu maswali ya namna hiyo. Michoro ya meli iliyopasuliwa ubavu ili ndani ionekane, yenye majina ya sehemu, anaipenda kuliko picha nzuri za rangi. Ikiwa rafu zenu zinafuata namba za Dewey, naomba utazame 387, usafiri wa majini, na 623.8, ujenzi wa meli. Chochote kuhusu jahazi linavyoundwa kitamfaa pia, na cha Kiswahili kikipatikana nitashukuru zaidi. Kiswahili anasoma kwa mtiririko. Kiingereza nilimjaribu kwa simu: asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kile ni kizito kukisoma peke yake. Ila kikiwa na michoro, mpe tu, atakipambania.

Tafadhali usimpe hadithi ya mtoto mwenye haya ambaye mwishoni anasimama jukwaani. Aliwahi kupewa, akaelewa kwamba watu wazima wanataka abadilike, na kwa muda akakwepa vitabu kabisa.

Njia ya kumfikia ni hii: usimuulize mbele ya wenzake. Kiache kitabu mezani pake na karatasi ndani yenye swali moja, kwa mfano, nanga inashikaje chini? Atakujibu kwa maandishi, pengine kwa mchoro. Na ukiwa na kazi ya kupanga vitabu rafuni, mpe. Akipanga ndipo huchagua.

Kama shuleni hamna, niambie majina ya vitabu. Mjomba wake ataviulizia Maktaba ya Taifa, tawi la Mombasa, na visipopatikana huko nitavitafuta huku nimtumie. Jibu lako waweza kumpa bibi yake, anakuja kumchukua kila Ijumaa.

Wasalaam,
Mama yake