Nilivyoipata 11/30 ya kalenda ya Hijria kwa kugawanya tu

Nilikuwa natengeneza kalenda ya Hijria kwenye kompyuta, ile ya hesabu sio ya kuandama mwezi, na kila nilipouliza naambiwa katika miaka 30 miaka 11 inakuwa na siku 355 badala ya 354, yaani Mfunguo Tatu unapata siku ya 30. Sasa mimi nikataka kujua kwanini 11 kwa 30 na sio 10 kwa 27, kwasababu jambo nisiloliona linavyotoka huwa halinikai kichwani.

Mwezi mmoja ni wastani wa siku 29.530588, zidisha kwa 12 unapata 354.367056. Hiyo 0.367056 ndo inayotafutiwa sehemu ndogo. Mara ya kwanza niliikata ikawa 0.37, nikagawanya 37/100, zikaja 1/2, 1/3, 3/8, 7/19, 10/27, halafu hiyohiyo 37/100, 11/30 haipo kabisa! Nikarudia mahesabu mara mbili nikidhani nimekosea kutoa, kumbe kosa lilikuwa kule mwanzo kwenye kukata. Nikachukua 367/1000, asili unaigawa kwa kiasi, halafu kigawanyo unakigawa kwa baki, unaendelea hivyohivyo:

```
1000 = 2×367 + 266
 367 = 1×266 + 101
 266 = 2×101 + 64
 101 = 1×64  + 37
  64 = 1×37  + 27
  37 = 1×27  + 10
```

Zile hisa 2, 1, 2, 1, 1, 1 ndo mali yenyewe. Anza na 0/1 na 1/2, halafu kila hisa inayofuata izidishe na sehemu ya mwisho, juu kwa juu na chini kwa chini, kisha ujumlishe na ile iliyoitangulia. Hisa 1 inakupa 1/3, hisa 2 inakupa 3/8 (2×1+1 juu, 2×3+2 chini), halafu 4/11, 7/19, na hatimaye 11/30. Nilivyoiona imetoka yenyewe nilifurahi sana aisee.

Kitu kilichonisaidia kujikagua ni kwamba zinapishana, moja inazidi inayofuata inapungua, 3/8 ni 0.375 imezidi, 4/11 ni 0.3636 imepungua, 7/19 imezidi tena, na kila mara pengo linakuwa dogo. Ukiona mbili zimefuatana upande mmoja jua umekosea kujumlisha. Na 3/8 sio ya kutupa, kuna kalenda za Kituruki zilizotumia mzunguko wa miaka 8, ila inapotea siku moja kama kila miaka 126, wakati 11/30 inachukua zaidi ya miaka 2,500 kupotea siku moja.

Nikaendelea mbele kidogo, 29/79 ikaja sawa, lakini iliyofuata kwenye 367/1000 ni 40/109 na ukitumia 0.367056 nzima ni 127/346, kwahiyo hapo tarakimu tatu zilikuwa zimeshaisha nguvu, nikaishia 11/30.