Pua iliyoziba tangu mwezi wa tano wa mimba: nilivyoishi nayo

Mimba yangu ilipoingia mwezi wa tano, pua iliziba na haikutaka kuzibuka. Nyumbani kila mtu aliita mafua. Lakini mafua yana tabia yake: yanakuja na koo kuwasha, pengine homa kidogo, kamasi zinaanza nyepesi kisha zinakuwa nzito, halafu baada ya wiki moja au zaidi kidogo yanaondoka. Mimi sikuwa na homa, sikupiga chafya, macho hayakuwasha. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba nikipenga kamasi hakuna kinachotoka, ila pua inabaki imeziba vilevile.

Nilimweleza mkunga kliniki, naye akanijibu kama mtu aliyeulizwa swali hilo asubuhi nzima: "Usihangaike kupenga, mama. Hapo hakuna kamasi ya kutoa. Nyama za ndani ya pua zenyewe zimejaa damu."

Jibu hilo ndilo lililobadilisha kila nilichofanya baadaye, kwa hiyo nitalieleza vizuri. Kwenye kuta za ndani za pua kuna vinyama vilivyojikunja ambavyo kazi yake ni kupasha joto hewa na kuilowesha kabla haijafika mapafuni. Vina mishipa mingi sana ya damu, na mishipa hiyo ikitanuka, vinyama vinavimba na njia ya hewa inabana. Sasa mjamzito ana mambo mawili yanayovivimbisha kwa pamoja. La kwanza ni wingi wa damu. Mwili unaongeza damu kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, yaani zaidi ya lita nzima, ili kondo la nyuma lipate ya kutosha. La pili ni homoni. Projesteroni hulegeza kuta za mishipa ili damu hiyo yote ipate nafasi, na estrojeni huufanya utando wa pua uvimbe na kutoa ute zaidi. Homoni hizi hazichagui tumbo peke yake, zinazunguka mwili mzima, na pua inapata sehemu yake. Karibu mjamzito mmoja kati ya watano hupatwa na hali hii.

Ukishaelewa hivyo, unaona kwa nini dawa za mafua hazikunisaidia. Matone ya kuzibua pua yanafanya kazi kwa kubana mishipa ya damu. Mkunga alinikataza nisiyatumie bila daktari, kwa sababu yakitumiwa zaidi ya siku tatu hivi mishipa inazoea. Dawa ikiisha nguvu, vinyama vinavimba kuliko mwanzo, na mtu anajikuta hawezi kulala bila chupa pembeni. Mimba bado ina miezi kadhaa mbele, hesabu yake haikai sawa. Vidonge vya kuzibua pua navyo vinaweza kupandisha presha, na presha ni kitu ambacho mjamzito hachezi nacho.

Nilichopewa badala yake ni maji ya chumvi. Nachemsha maji, nayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha kwenye kikombe cha robo lita natia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi. Maji lazima yawe yamechemshwa, maana yanaingia ndani kabisa ya pua na vijidudu vya maji ya bomba havina kazi huko. Nayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nainama juu ya sinki, nalaza kichwa upande mmoja, nafungua mdomo nipumulie huko, kisha nasukuma polepole kwenye tundu la juu. Maji yanatokea tundu la chini. Mara ya kwanza inatekenya na kuchukiza kidogo. Chumvi ikipungua sana, pua inauma. Ndiyo sababu napima kwa kijiko, sikadirii kwa vidole. Nilifanya asubuhi na kabla ya kulala. Haikuondoa uvimbe, ila ilinipa saa chache za kupumua, na saa hizo zikiwa za usiku zina thamani.

Kisha ikaja damu. Sehemu inayovuja mara nyingi iko mbele kabisa, kwenye ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili, ambako mishipa midogo mingi inakutana chini ya utando mwembamba. Mishipa hiyo ikiwa imejaa na utando umekauka, kupenga kwa nguvu tu kunatosha. Mama mkwe alitaka niinue kichwa juu. Nikamwomba radhi, nikainama mbele, kwa sababu ukiinua kichwa damu haikomi, inashuka kooni, unaimeza na kutapika. Nilikaa wima, nikabana ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa vidole viwili, nikapumua kwa mdomo na kutazama saa ya ukutani hadi dakika kumi zikamilike bila kuachia. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanaachia kila mara kuchungulia kama imekoma, na kidonda kinafunguka upya. Nilipoachia, ilikuwa imekoma. Siku hiyo sikupenga wala kuinama kuokota kitu. Tangu hapo nikawa napaka mafuta ya mgando kidogo kwa ncha ya kidole mlangoni mwa tundu kila usiku, na damu ikawa nadra. Ingeendelea zaidi ya nusu saa, au ingenitia kizunguzungu, ningekwenda hospitali bila kubishana. Daktari alinipima pia wingi wa damu, kwa kuwa anayevuja mara kwa mara anaweza kupungukiwa.

Kukoroma sikukusikia mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyeniambia, kwa upole wa mtu anayechagua maneno. Pua ikiziba unalala mdomo wazi, na koo nalo limevimba kidogo kwa sababu zilezile, hewa inapita pembamba na kutikisa nyama laini. Niliinua upande wa kichwani wa godoro kwa kuweka blanketi zilizokunjwa chini yake, maana mito ikirundikwa inakunja shingo tu na kuminya tumbo. Nikalalia ubavu wa kushoto. Tundu la chini lilikuwa linaziba na la juu linafunguka, na moja lilinitosha.

Mkunga aliposikia habari ya kukoroma aliacha kuandika. Akamgeukia mume wangu: "Baba, huwa anakata pumzi kisha anashtuka kama anayekabwa?" Hapana. Akaniuliza kama naamka na kichwa kinauma au nasinzia mchana hata nikiwa nimelala vya kutosha. Kisha akanipima presha, ikasoma 112 kwa 70, na mkojo haukuwa na protini. Kukoroma kunakoanza wakati wa mimba huonekana zaidi kwa wanawake wanaopata presha ya mimba, ndiyo maana hakukuacha kupite. Presha ikifika 140 kwa 90, au kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu, uso na mikono vikavimba ghafla, hilo si la kusubiri tarehe ya kliniki.

Nilijifungua, na siku chache baadaye nikaamka mdomo umefungwa, pua zote mbili zinapitisha hewa. Kwa kawaida hali hii huisha ndani ya wiki mbili tangu kujifungua. Ikizidi hapo, daktari wa pua atazame kama kuna mzio au kinyama kilichoota ndani.