Ng'ombe wa mjomba

Wiki hii binti yangu anaandaa sendofu yake. Ameniuliza kama amuunge baba yake mdogo kwenye kundi la michango, wakati hajaongea na nyumba hii tangu lile suala la kiwanja. Nikamwambia asimuunge. Kundi lile kila siku linaorodhesha ahadi na majina ya ambao bado hawajatoa. Mtu aliyekasirika ataliona kama daftari la madeni.

Kisha nikamkumbuka mjomba wa Kibaigwa.

Yeye na mama waligombana juu ya shamba la bibi. Mama na kaka yake walikuwa wamenyamaziana kwa miaka, na mahari yangu ikaja wakiwa katika hali hiyo. Kwetu Ugogoni, mahari haiishii kwa baba. Kwenye mgao kuna ng'ombe wa mjomba. Kwa hiyo asingeweza kusahaulika, hata na aliyetaka kumsahau.

Kaka yangu ndiye aliyeandika barua ya kwanza. Ilisema mjomba "afike bila kukosa", achukue ng'ombe wake, na wazee watatumia nafasi hiyo kumaliza tofauti. Nia ilikuwa njema. Lakini nilipoisoma nikaona baraza: mzee anaingia uani, viti vimepangwa, watu wanamsubiri aeleze kwa nini alipotea. Na ng'ombe amefanywa chambo, wakati ni haki yake, aje asije.

Nikaomba niandike mwenyewe. Mama akakubali, ila akataka kusomewa. Niliandika hivi:

"Mjomba, shikamoo. Wakwe wanaleta mahari yangu Jumamosi baada ya mavuno ya uwele, hapa nyumbani Mvumi. Mazungumzo yataanza saa nne asubuhi, chakula saa nane. Ng'ombe wako yupo kwenye mgao. Usipoweza kufika tutakuletea. Siku hiyo hakuna kikao kingine. Ukifika saa yoyote, hata jioni, nitafurahi kukuona. Usihangaike kujibu."

Mama alinisimamisha kwenye neno "kikao". Akasema, "Hilo libaki. Ndilo atakalolitafuta." Kisha akakaa kimya, nami sikumwomba aongeze salamu zake. Salamu aliyolazimishwa ingesikika tu.

Barua niliipeleka mwenyewe. Kaka angeanza kumshawishi, na mama alikuwa upande mmoja wa ugomvi. Nilimkuta mjomba sokoni, amepiga goti mbele ya gunia la mahindi, analifunga mdomo kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini mkono haukusimama. Alichoma, akavuta, akakaza, mpaka kona ya pili. Akakata uzi kwa meno.

"Nani amekutuma?"

Swali lile nilikuwa nimelitegemea njia nzima. Ningesema mama, ingekuwa mama ameomba. Ningesema wazee, ingekuwa ameitwa.

"Nimekuja mwenyewe, mjomba. Mama anajua."

Aliniangalia kwa muda. Akafuta vumbi mikononi, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa shati bila kuifungua. Akaagiza niletewe chai. Nilikunywa, nikamuuliza habari za watoto na bei ya mahindi, nikaaga. Ningebaki asome mbele yangu, angelazimika kunijibu, na jibu la hapo lingekuwa la hasira au la aibu.

Nyumbani kazi ilikuwa kuwaweka sawa watu wetu. Nilimwomba kila shangazi asimwambie "umepotea sana". Babu mdogo alitaka mjomba awe msemaji wa upande wetu, kama heshima. Tukamsihi amwache, maana asingekuja, nafasi tupu ingemtangaza.

Jumamosi ikafika. Mazungumzo yakaisha, chakula kikaliwa, vigelegele vikapigwa, hayupo. Alikuja jua likiwa limeinama, wageni wengi wameshaondoka. "Mbukwenyi," akasalimia wote kwa pamoja. Mama akampakulia ugali wa uwele na mlenda kama anavyompakulia yeyote, akaondoka. Hawakuzungumza.

Alipomaliza akaenda zizini. Kaka akamwonyesha ng'ombe wake, mweusi mwenye baka tumboni. Mjomba akamzunguka, akamshika nundu, akasema, "Mwacheni hapa kwanza. Kwangu hakuna malisho." Akaaga, akaondoka.

Usiku ule tulibishana. Kaka alisema amekataa mgao wetu kwa adabu. Mimi nilitaka kuamini kwamba mtu haachi mali yake asikotaka kurudi. Mama hakuchagua upande, ila alikataza ng'ombe yule asiuzwe hata karo ilipobana. Alipozaa, mama ndiye aliyeniambia niandike barua Kibaigwa: ndama ni jike, mzima, anyonya. Basi, hayo tu.