Leza iliyozimika kati ya sentimita 40 na 60: nilivyopata umbali wa vioo unaofaa

Nilikuwa na mrija wa heliamu na neoni wenye urefu wa sentimita 27, na vioo viwili vilivyobonyea kwa ndani. Nusukipenyo cha mpindo cha kioo cha kwanza ni sentimita 40, cha pili sentimita 60. Leza iliwaka vizuri vioo vikiwa na umbali wa sentimita 30 kati yake, ila nilihitaji nafasi ya kama sentimita 40 kati ya mrija na kioo cha pili ili kuingiza sampuli ndani ya kaviti, yaani nafasi kati ya vioo ambamo mwanga huenda na kurudi. Kwa hiyo ilibidi kioo cha pili kisogezwe kwenye reli mpaka karibu sentimita 70.

Kabla ya kugusa chochote nilikaa na karatasi. Kwa kila kioo unatafuta namba moja, ambapo L ni umbali kati ya vioo na R ni nusukipenyo cha mpindo:

```
g1 = 1 - L/R1
g2 = 1 - L/R2
0 <= g1*g2 <= 1
```

Kaviti ni imara, yaani mwale haukimbii mbali na mstari wa katikati, iwapo zao la g1 na g2 limo kati ya 0 na 1. Katika sentimita 30, g1 ni 0.25 na g2 ni 0.5, zao 0.125. Hapo sawa. Katika 70, g1 ni −0.75 na g2 ni −0.167, zao ni 0.125 vilevile, kwa sababu hasi mbili zinazaa chanya. Tatizo liko katikati: ukishavuka 40, g1 inakuwa hasi wakati g2 bado ni chanya, na zao linabaki hasi mpaka ufike 60. Baada ya hapo kaviti inakuwa imara tena hadi 100, yaani jumla ya nusukipenyo zote mbili. Kwa hiyo umbali unaofaa una kanda mbili, na kati yake pana pengo la sentimita 20.

Nilitaka kuona pengo hilo linafanya nini hasa, nikafuatilia mwale mmoja katika sentimita 50. Hesabu inaonyesha kwamba kila ukienda na kurudi, umbali wake kutoka mstari wa katikati unaishia kuongezeka mara 1.5, huku ukihama upande. Mwale uliopotoka milimita 0.1 unafika 0.15, kisha 0.225, na safari ya nne unapita 0.5. Kipenyo cha ndani cha mrija wangu ni milimita 1, kwa hiyo hapo umeshagonga ukuta. Mrija wa namna hii unakuza mwanga kwa asilimia chache tu kila unapopita, na hauwezi kufidia hasara hiyo.

Nikaanza kusogeza kidogokidogo, nikirekebisha skrubu za kioo kila hatua. Mwanga haukusubiri ufike 40 ndipo udhoofike. Kadiri g1 inavyokaribia sifuri, doa la mwanga kwenye kioo cha kwanza linapanuka: katika 30 nusukipenyo chake ni milimita 0.30, katika 39 ni 0.54. Mrija wangu umekaa jirani kabisa na kioo hicho, kwa hiyo kingo za doa zikaanza kukatwa na nguvu ikashuka. Ndiyo maana sishauri mtu apange kaviti yake ukingoni mwa kanda, hata kama kanuni inamruhusu.

Ndani ya pengo hakuna skrubu iliyonirudishia mwanga. Hapa ndipo watu huhangaika wakidhani vioo vimepinda. Kipimo changu ni rahisi: rudisha kioo hadi 35 bila kugusa skrubu za kioo kingine, rekebisha kidogo. Mwanga ukirudi, kilichokosekana ni uimara wa kaviti, si unyoofu wa vioo. Pima umbali kutoka uso wenye utando wa kuakisi, si kutoka fremu ya kioo.

Sikujaribu kubembeleza leza ndani ya pengo. Nilipeleka kioo moja kwa moja hadi 70, nikakinyoosha kwa kurudisha mwale wa leza ndogo ya kuongozea hadi pale ulipotoka, nikazungusha skrubu taratibu. Mwanga mwekundu wa nanomita 632.8 ukawaka. Katika umbali huo sehemu nyembamba kabisa ya mwale iko sentimita 17.5 kutoka kioo cha kwanza, yaani ndani ya mrija, na nusukipenyo chake ni milimita 0.20, kwa hiyo unapita bila kukatwa. Kwenye kioo cha pili doa limepanuka hadi 0.57, lakini huko hakuna mrija wa kulizuia.

Vioo vyenye mpindo sawa, tuseme 50 na 50, huondoa pengo hilo. Lakini kimoja kikiwa 49.5 na kingine 50.5, pengo la sentimita 1 linarudi palepale katikati, kwa hiyo hata hapo mimi hukaa mbali na umbali wa 50.