Kazi Zilizofungwa

Simu iliita Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto. Alikuwa karani mkuu wa ushirika mmoja wa akiba na mikopo, Morogoro, mama wa makamo ambaye tulizoea kumpigia sisi, si yeye kutupigia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa utaratibu kabisa: "Mwanangu, mbona mmefunga marejesho kwa simu bila kutuambia mapema? Nimesharudisha watu wanne hapa."

Hatukuwa tumefunga kitu. Marejesho kwa simu yalikuwa yanafanya kazi vizuri kuliko wiki iliyotangulia, kwa sababu tulikuwa tumeondoa hitilafu iliyoingiza malipo mara mbili pale mtandao unapochelewa kuleta uthibitisho. Nikamwomba anisomee alichokiona. Akasoma karatasi niliyowatumia mwenyewe Ijumaa jioni:

"Toleo 2.8. Kazi zilizofungwa. Moja, marejesho kwa simu..."

Nikashika kichwa. Kwetu ofisini, kazi ikikamilika "inafungwa", na hakuna anayelifikiria neno hilo mara mbili. Kwa mtu anayekaa kaunta, kilichofungwa ni duka, ni barabara, ni akaunti ya marehemu. Alisoma Kiswahili sanifu nilichomwandikia na akakielewa kama kilivyo.

Hiyo ilikuwa mwaka 2022. Tulikuwa watu watano Dar es Salaam, tukitunza mfumo uliotumiwa na vyama kadhaa vya akiba na mikopo. Kazi zetu zote tuliziandika GitHub, kila moja na namba yake, na kila toleo likiwa na kundi lake la kazi. Maelezo ya toleo yalikuwa mzigo ambao kila mtu alimsukumia mwenzake, basi mwezi ule nikajitolea kuumaliza kwa skripti: chukua kazi zote zilizofungwa za toleo hili, toa vichwa vyake, panga, tuma. Ilinichukua chini ya saa moja, na nilijiona mjanja sana.

Kabla sijamaliza kumweleza mama wa watu kwamba marejesho yako wazi, akaongeza jambo la pili. Alikuwa na wanachama wawili mbele yake, walimu wa shule moja. Wote walikopa milioni moja ya miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi isiyopungua. Mmoja alikopa wiki iliyopita, ratiba yake inasema 98,333 kwa mwezi. Mwingine kachapiwa ratiba asubuhi ile, inasema 98,400. "Huyu anasema tumeongeza riba kimyakimya. Nimjibu nini?"

Jibu nililijua. Badiliko hilo walikuwa wameliomba wenyewe, miezi mingi nyuma, na tukawa tumelifanya vizuri. Riba ya mkopo ule ni 180,000, jumla 1,180,000, ukigawa kwa 12 unapata 98,333 na sehemu ya shilingi. Kaunta hakuna mtu mwenye shilingi 33 za chenji, sarafu watu wanazoshika zinaanzia 50. Tena 98,333 mara 12 ni 1,179,996, kwa hiyo kila mkopo ulibaki na deni la shilingi nne ambalo mtu alilazimika kulifuta kwa mkono. Sasa mfumo ulipandisha kila rejesho hadi mia inayofuata: 98,400 kwa miezi 11, na mwezi wa mwisho 97,600. Jumla 1,180,000 kamili. Hakuna riba iliyoongezeka hata senti.

Nilipomweleza, akanyamaza kidogo. "Sasa hilo liko mstari wa ngapi hapa kwenye karatasi yako?"

Nikafungua karatasi. Halikuwepo.

Nilihesabu mistari: 30. Nikahesabu kazi zilizofungwa kwenye toleo: 47. Skripti yangu iliita amri hii:

```
gh issue list --state closed --milestone "2.8"
```

Amri hiyo usipoiambia ilete ngapi, inaleta 30 na kunyamaza. Haikulalamika, haikuandika kwamba kuna nyingine. Ubaya zaidi uko kwenye mpangilio wake: inaanza na kazi zilizoandikwa karibuni. Zilizokatwa mkiani zilikuwa 17 za zamani kuliko zote, yaani zile ambazo wateja walizisubiri muda mrefu zaidi. Makosa madogo yaliyogunduliwa wiki hiyo hiyo yaliingia yote kwenye karatasi. Ombi la watu wa kaunta la miezi minane likaanguka nje.

Bosi wetu aliposikia hakufoka. Alisema tu, "Panda basi, ukakae naye." Kesho yake alfajiri nilikuwa stendi ya Mbezi, na kabla ya saa tano nilikuwa nyuma ya kaunta Morogoro, nimepewa kiti cha plastiki karibu na printa. Safari hii nilikuja na orodha nzima, nimeichapa:

```
gh issue list --state closed --milestone "2.8" \
  --json number,title,labels,stateReason --limit 500
```

Nilidhani nimekwenda kumweleza. Yeye akatoa kalamu nyekundu.

Alianzia kwenye kundi langu la kwanza, lililoandikwa "Hitilafu zilizorekebishwa", kisha la pili, "Vipengele vipya". Akauliza tofauti yake ni nini. Nikasema hitilafu ni kitu kilichokuwa kibovu, kipengele ni kitu ambacho hakikuwepo. "Na ile ya mia iko wapi?" Iko kwenye hitilafu, nikasema, maana ile shilingi nne ilikuwa hitilafu. Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeleta fomu bila sahihi ya mdhamini. Kwa mtu wake wa dirishani, lile lilikuwa jambo jipya kuliko yote kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nimelipanga kufuatana na lilivyoanzia kwetu.

Akageuza karatasi nyuma akachora safu tatu: Kaunta, Mikopo, Meneja. Tukaanza kupitisha kazi moja moja. Kila nilipoisoma aliuliza swali lile lile: "Mwanachama akiniuliza, nimwambie nini?" Nikiwa na jibu, kazi iliingia kwenye safu. Nikikosa, kalamu nyekundu ilipita juu yake.

Kazi 19 zilikufa hivyo. Kuhamisha majaribio, kubadilisha toleo la maktaba, kupanga upya faili la ratiba. Nilijaribu kuitetea moja niliyoihangaikia siku nne, akasikiliza kwa heshima kisha akaipiga mstari.

Sita nilizikata mwenyewe kwa aibu. Moja ilikuwa "Mkopo wa dharura kwa simu", ambayo ilikuwa kwenye karatasi ya Ijumaa, na afisa mikopo wa dawati la pili alikuwa ameshaanza kuitafuta kwenye menyu. Tulikuwa tumeifunga kwa sababu tuliamua kutoifanya. Kwenye orodha ya zilizofungwa, iliyokamilika na iliyokataliwa zinasimama bega kwa bega. Tofauti iko ndani ya `stateReason`, iliyokataliwa imeandikwa `NOT_PLANNED`, na skripti yangu ya kwanza haikuwahi kuiuliza.

Tatu nyingine zilikuwa na hila zaidi. Zilikuwa zimekamilika kweli, lakini mwenzangu alizifunga kwa mkono pale alipomaliza kuandika, kabla msimbo haujaunganishwa. Toleo likatoka bila hizo. Mojawapo nilimwonyesha yule mama kwenye skrini yake kwa fahari, na haikuwepo. Nikafungua kompyuta yangu palepale:

```
git log --oneline v2.7..v2.8 --grep='#212'
```

Kimya. Hakuna badiliko hata moja kati ya matoleo mawili lililotaja namba hiyo. Tangu siku ile kila kazi inapitishwa hapo kabla ya kuandikwa kwenye karatasi, ingawa kipimo chenyewe kina kikomo chake: kinategemea watu kukumbuka kuandika namba ya kazi kwenye ujumbe wa badiliko. Asiyeandika, kazi yake inaonekana haipo. Tunakubali usumbufu huo, kwa kuwa kumwuliza mtu "mbona siioni?" ni nafuu kuliko kumwahidi karani kitu ambacho hakipo.

Zikabaki 19, na kati ya hizo nane zilikuwa za risiti tu: nembo imekatwa pembeni, jina refu linaruka mstari, tarehe imegeuka, mengine ya namna hiyo. Kwetu zilikuwa kazi nane za watu watatu. Yeye alizifunika zote kwa mabano akaandika pembeni: "Risiti sasa zinachapika vizuri." Nikataka kuongeza maelezo. Akasema atakayeshika risiti ataona. Kwa hiyo sentensi 12 kutoka kazi 47, na ile ya mia tukaiweka juu kabisa ya safu ya Kaunta, na mfano wake:

"Marejesho ya mikopo mipya sasa yanaishia kwenye mia. Mkopo wa 1,000,000 wa miezi 12: miezi 11 ni 98,400, mwezi wa mwisho 97,600. Riba haijaongezeka. Mikopo ya zamani haijaguswa."

Sentensi mbili za mwisho ni zake. Mimi nisingeziandika, maana kwangu kisichobadilika hakina namba ya kazi, na skripti haiwezi kutoa kitu ambacho hakuna aliyekifanya. Lakini mwalimu aliyekuwa amesimama dirishani Jumatatu hakuwa na swali lingine zaidi ya hilo.

Niliporudi Dar tulibadilisha mambo machache. Tuliongeza lebo `kaunta`, `mikopo`, `meneja` na `ndani`, na kila kazi lazima iwe na angalau moja, ya mwisho ikimaanisha haitoki nje ya ofisi. Kwenye kiolezo cha kazi tuliweka mstari mmoja, "Mwanachama akiuliza", ujazwe na aliyeifanya kabla ya kuifunga, angali anakumbuka. Skripti inachukua mstari huo badala ya kichwa, inapanga kwa lebo, na ikikuta mstari mtupu inagoma kutoa karatasi. Wenzangu walinichukia kama wiki tatu. Kuunganisha kazi nane kuwa sentensi moja bado ni kazi ya mtu, hatukuwahi kupata njia ya kuikwepa. Anakaa mmoja wetu na rasimu, saa moja hivi, akisoma kwa sauti.

Toleo 2.9 lilipotoka nilimtumia karatasi Ijumaa mchana, nikakaa karibu na simu Jumatatu nzima. Haikulia. Jioni ikaja picha: karatasi yetu imebandikwa kwa selotepu kwenye kioo cha kaunta, upande wa ndani. Namba zote za kazi tulizoacha mwishoni mwa sentensi zilikuwa zimefutwa kwa kalamu nyekundu, na kichwa "Toleo 2.9" kimepigwa mstari. Juu yake ameandika kwa herufi kubwa: MABADILIKO YA MFUMO, KUANZIA LEO.