Ninavyoirudishia S-Log3 sura yake ya kawaida kwenye Resolve

Video iliyorekodiwa kwa S-Log3, mkunjo wa mwanga wa aina ya logi, kwenye kamera ya Sony ukiifungua unaiona imepauka: nyeusi zimekuwa kijivu na nyuso kama hazina damu. Kishawishi cha kwanza ni kuvuta kontrasti na kukoleza rangi kwa mkono. Mimi siigusi rangi hata moja kabla sijaieleza DaVinci Resolve picha ilirekodiwa kwa mkunjo gani, kwa sababu hesabu ya kuurudisha mkunjo huo tayari imo humo ndani.

Kwanza naitambua profaili ya picha ya kamera, yaani PP. Kwenye A7 III ambayo mipangilio yake haijabadilishwa, PP8 ni S-Log3 yenye rangi za S-Gamut3.Cine, na PP9 ni S-Log3 yenye S-Gamut3. Mwanga wa hizo mbili ni uleule, rangi ndizo zinazotofautiana: klipu ya PP9 ukiisoma kama PP8, rangi zinafifia, ukigeuza, zinakolea kupita kiasi. Kama mpiga picha hakumbuki, nafungua faili la XML linaloandikwa pembeni ya klipu. Ndiyo maana huwa naomba kadi inakiliwe nzima, si faili za MP4 peke yake. Humo natafuta mistari hii:

```
CaptureGammaEquation   s-log3-cine
CaptureColorPrimaries  s-gamut3-cine
```

Kisha, kwenye ukurasa wa Color, naweka nodi mbili. Ya kwanza naiacha tupu kwa muda. Ya pili naiwekea Color Space Transform na kuijaza hivi:

```
Input Color Space:   Sony S-Gamut3.Cine
Input Gamma:         Sony S-Log3
Output Color Space:  Rec.709
Output Gamma:        Gamma 2.4
Tone Mapping Method: DaVinci
```

Mstari wa mwisho usiupuuze. Ukiacha None, kila kitu kinachong'aa kuliko karatasi nyeupe kinakatwa: mawingu, bati, bega la shati lililopigwa na jua. Taarifa zake zimo kwenye faili, ila kwenye skrini unaona doa jeupe tu.

Ile nodi tupu ya mwanzo ndiyo ya kurekebisha mwanga, na lazima itangulie. S-Log3 huiweka kadi ya kijivu ya asilimia 18 kwenye 420 katika kipimo cha 0 hadi 1023. Wapiga picha wengi huizidishia mwanga kwa makusudi ili vivuli visijae chembechembe: stopu moja zaidi huipeleka kadi karibu na 496, stopu mbili karibu na 573. Chukua klipu iliyozidishwa stopu mbili. Nodi ya pili naizima, natazama Waveform, nashusha Offset kwenye nodi ya kwanza mpaka kadi itoke 573 itue 420, halafu naiwasha ya pili. Uso unarudi mahali pake na mbingu inabaki na mawingu. Ukishusha mwanga baada ya mageuzi, unapata picha ya kijivu, kwa sababu sehemu zinazong'aa zimeshabanwa pamoja juu.

Kuna kosa moja linalosumbua zaidi kwa kuwa halijitangazi: nodi zote ziko sawa, lakini vivuli vimezama na nywele zimekuwa bonge jeusi. Hapo nashuku viwango vya data. Klipu iliyopigwa kifuniko kikiwa kwenye lenzi inatakiwa ikae karibu na 95 kabla ya mageuzi. Ukiikuta karibu na 36, Resolve imeisoma kama Video. Bofya klipu kulia, fungua Clip Attributes, badilisha Data Levels iwe Full. (Sekunde chache za kifuniko mwanzoni mwa kazi hazigharimu kitu.)

Picha ikikaza kupindukia, nyuso zikiwa nyekundu kama zimeungua, mara nyingi mageuzi yamefanyika mara mbili. Labda usimamizi wa rangi wa mradi umewashwa nawe ukaongeza nodi, au proksi zilitengenezwa LUT ikiwa imeshachomekwa ndani. Gamma Display Assist ya kamera haihusiki, maana hiyo hubadilisha skrini ya mpiga picha tu, haiingii kwenye faili.

Dalili ileile huonekana pia klipu ya simu ikichanganyika na za logi. Kwa hiyo nodi hizi siziweki kwenye taimulaini nzima. Klipu za kila kamera nazipa kundi lake, na mageuzi nayaweka kwenye Group Pre-Clip. Mwanga wa klipu moja moja ndani ya kundi nao lazima uje kabla ya mageuzi, hivyo nodi ya mageuzi ikihamia huko, marekebisho ya Offset yanahamia nayo. Klipu iliyopigwa kwa mwanga tofauti na wenzake naiundia kundi lake.