Mama alivunjika mkono kwa kuteleza tu mlangoni

Mama yangu ana miaka 71, tunakaa nae hapa Tanga. Mwaka jana aliteleza mlangoni pa bafu akajizuia na kiganja, yaani hakudondoka toka juu popote, lakini mkono ukavunjika hapo juu ya kiganja. Akafungwa hogo wiki sita, likatolewa, tukaambiwa kapona. Hakuna aliyeuliza mbona mfupa umevunjika kwa anguko dogo vile, na mi mwenyewe sikuuliza, hilo linaniuma mpaka leo.

Miezi mitatu mbele akayumba tena usiku, nikampeleka kwa dokta mwingine. Huyu akaniambia mwanamke aliyekoma hedhi akivunjika kwa kuanguka toka kimo chake tu, mifupa ishakuwa dhaifu hiyo. Tukaenda Dar kupima deksa, kile kipimo cha uimara wa mifupa, ikatoka hasi 2.8, na kuanzia hasi 2.5 kushuka chini ndo wanaita ostioporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu.

Nikamwambia dokta mama anakula mchicha kila siku. Akasema mchicha una kalsiamu ndio, ila una kitu kinaishika, mwili unapata kidogo sana. Umri wake anahitaji kama miligramu 1200 kwa siku na kikombe kizima cha maziwa kina kama 300, sa mama maziwa yake yalikuwa yale ya kwenye chai tu! Sasa anakunywa vikombe viwili, na dagaa anatafuna na mifupa yake, wakiwa wagumu natwanga. Kilichobaki anajazia na kidonge cha kalsiamu, anameza akiwa anakula, pamoja na vitamini D yuniti 800 maana jua halioni, yuko ndani siku nzima.

Kuna na dawa ya mifupa yenyewe, alendroneti, mara moja kwa wiki. Hii msichezee: asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, sio chai, halafu nusu saa asilale wala asile, maana ikikwama inachoma koo. Kalsiamu asimeze nayo pamoja, itazuia dawa isiingie mwilini.

Ila dawa hazizuii kuteleza. Nilipochunguza nikakuta kidonge chake cha presha ni kile cha kukojoza na alikuwa anameza jioni, ndo maana anaamka mara tatu gizani anakimbilia chooni kichwa kikizunguka. Dokta akakihamishia asubuhi. Nikatoa kile kikapeti cha mlangoni, nikatupa ndala zake zilizoisha soli, fundi akachomelea bomba la kushika pembeni ya choo, taa ya koridoni haizimwi.

Na nilimuomba, mama ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, dakika moja tu. Sasa usiku nasikia kitanda kinalia, halafu kimya, najua amekaa anasubiri, ndo baadae nasikia hatua zake.